Mafua ya kamasi za kijani: kwanini daktari ananinyima antibayotiki wakati mwaka jana zilinitibu?

Chalii wa Sakina
Wakuu habari za jioni. Hili baridi la mwezi wa saba hapa Arusha limeninyoosha, nina mafua tangu jumatatu, koo lilianza kuwasha jioni nikitoka job, jumanne pua zikaziba mwili wote unauma, jana sijalala kabisa, na leo alhamisi kamasi zimegeuka kijani nzito. Nimeenda hospitali moja hapa mjini, daktari kanisikiliza kifua, kaangalia koo, akaniambia ni virusi, nikapumzike, ninywe maji ya kutosha na panado kama kichwa kinauma. Basi. Nikamwambia daktari mbona kamasi ni za kijani, akasema ni kawaida, akaita mtu mwingine.

Sasa swali langu liko hapa. Mwaka jana mwezi kama huu niliumwa hivi hivi, siku ya nne nikanunua amoksilini dukani, baada ya siku mbili nikawa fiti kabisa. Sasa kama hizi dawa hazifanyi kazi kwenye mafua mbona mimi zilinifanyia? Na hao virusi na bakteria si wote ni vijidudu tu, tofauti yao ni nini mpaka dawa imuue mmoja imwache mwingine? Naomba anayejua anieleweshe taratibu, sitaki kubishana na mtu.

Mjukuu wa Kijenge
Pole sana mkuu. Daktari yuko sahihi, virusi havina dawa, vyote. Bakteria ndio ana dawa. Ndio maana hata ukimwi hauna dawa. Kamasi za kijani ni uchafu unatoka tu, kunywa tangawizi na limao utakuwa poa.

Mama Wawili Njiro
Nafuatilia, maana mimi wangu wa miaka mitatu naye ana mafua na kikohozi tangu jumapili na jirani kaniambia nimpe ile dawa ya maji ya unga wa pinki iliyobaki ya dada yake.

Maabara Moshi
Mama Wawili ile ya dada yake usimpe kwanza, nakuja kwako. Naanza na mwenye uzi.

Mimi nafanya kazi maabara huku Moshi, kwa hiyo nitakueleza kwa kile ninachokiona mezani. Mtu akiletwa na usaha wa kidonda, nachukua kidogo napaka kwenye sahani ya agari, nafunika, naiweka kwenye kabati la joto kama la mwili wa mtu, kesho yake asubuhi nakuta vidoa vimeota juu ya ile sahani. Hao ni bakteria. Wamekula chakula kilichomo kwenye agari, wamegawanyika wenyewe usiku kucha, hawakuhitaji mtu. Ukimuweka kwenye hadubini kwa lenzi kubwa ile ya mafuta unamwona kabisa, kiduara au kifimbo.

Sasa chukua kamasi ya mafua yako upake kwenye sahani ile ile. Kesho vitaota vidoa kweli, lakini hao ni bakteria wa kawaida wanaokaa puani hata kwa mtu mzima asiyeumwa. Kirusi chenyewe kilichokuangusha hakitaota, hata uiache sahani mwezi mzima, na kwenye hadubini yangu hukioni. Kile kinachosababisha mafua mara nyingi, kinaitwa rainovirusi, ukipanga 30 kwenye mstari ndio unakaribia upana wa bakteria mmoja. Na hakiwezi kuota pale kwa sababu hakili, hakipumui, hakikui. Ni kipande tu cha maelekezo ya kutengeneza virusi vingine, kimefungwa kwenye ganda la protini. Kazi yake inaanza pale kinapoingia ndani ya seli ya pua yako, hapo kinaiteka mitambo ya seli yako na ndiyo inayokitengenezea wenzake.

Turudi kwa amoksilini. Bakteria wengi wana ukuta mgumu kwa nje, na ndani yao kuna msukumo mkubwa wa maji, bila ule ukuta wanapasuka. Kila bakteria akitaka kukua na kugawanyika lazima ajenge ukuta mpya, na ana enzaimu maalumu za kuunganisha ule ukuta. Amoksilini kazi yake ni kwenda kuzikamata zile enzaimu. Bakteria anaendelea kukua ukuta haufungi, maji yanaingia, anapasuka anakufa. Seli zetu sisi hazina ukuta wa hivyo ndio maana dawa inamuua bakteria sisi inatuacha. Na kirusi nacho hakina ukuta wala hizo enzaimu. Dawa inazunguka mwili mzima ikitafuta kitu cha kukamata, kwenye kirusi haikikuti.

Mjukuu wa Kijenge, kwa rainovirusi uko sahihi, hadi leo hakuna dawa ya kukiua, ila sio virusi vyote. Asikloviri inatibu mkanda wa jeshi na mkanda wa jeshi ni kirusi. ARV hazimalizi ukimwi lakini zinakizuia kirusi kuzaliana, mtu anaishi miaka mingi. Ila kila moja ya hizo dawa imetengenezwa kwa ajili ya kirusi fulani, inakamata kitu ambacho kirusi hicho tu ndio kinacho. Hakuna moja ya kumaliza vyote.

Dereva wa Mbauda
Asante maabara umeeleza vizuri sana. Ila amoksilini ni ukuta, sawa, je zile tatu za azithromaisini? Maana watu wanasema hizo ni kali, zinakata mafua siku tatu.

Maabara Moshi
Azithromaisini haigusi ukuta, yenyewe inaingia ndani ya bakteria inaziba ribosomu, ile mitambo ya kutengeneza protini. Bakteria bila protini hafanyi kitu. Sasa angalia hapa: ribosomu za bakteria na za kwetu zina maumbo tofauti, dawa inashika ya bakteria ya kwetu haishiki, na ndio uzuri wake. Lakini kirusi cha mafua hakina ribosomu hata moja, kinatumia za kwako. Kwa hiyo azithromaisini inapita kando na kirusi kinaendelea kutengenezwa. Ukitaka dawa izuie zile ribosomu ambazo kirusi kinazitumia maana yake uzizuie za seli zako mwenyewe, na hapo mgonjwa anaumia kabla ya kirusi. Ukali wa dawa haubadilishi hilo.

Chalii wa Sakina
Nimekuelewa sana mkuu. Sasa nibakishie lile moja, mwaka jana nilinywa nikapona. Sio stori, nilipona kweli.

Maabara Moshi
Ulipona kweli, na hakuna anayekukatalia. Hebu tuichukue hiyo wiki yako tuipange siku kwa siku.

Rainovirusi kikiingia puani, ndani ya siku moja mpaka tatu koo linaanza kuwasha. Siku ya pili na ya tatu ya kuumwa ndio kilele, pua imeziba, kichwa, mwili mzito, usingizi hakuna. Hapo kinga yako imeshaamka na inatuma chembe nyeupe za damu kwa wingi pale puani. Hizo chembe zina enzaimu yenye madini chuma ndani yake na rangi yake ni ya kijani. Zikijaa kwenye kamasi, kamasi inakuwa nzito na kijani. Kwa hiyo kijani cha siku ya tatu nne kinakuambia askari wako wamefika, hakikuambii ni nani wanapigana naye, inaweza kuwa virusi au bakteria rangi ni ile ile. Baada ya hapo unaanza kushuka, siku ya saba hadi ya kumi watu wengi wamepona, kinabaki kikohozi ambacho kinaweza kwenda wiki mbili au tatu.

Sasa wewe mwaka jana ulinunua dawa lini? Siku ya nne umesema. Na karibu kila mtu ananunua siku ya tatu au ya nne kwa sababu ndio siku amechoka na kamasi zimebadilika rangi. Yaani dawa inaingia mwilini wakati ule ule ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuteremka wenyewe, siku ya sita unajisikia vizuri, sifa inaenda kwa kidonge. Ungekunywa maji matupu siku ya nne, siku ya sita ungekuwa vile vile. Na hili limepimwa, watu wenye mafua wamegawanywa makundi, hawa wakapewa antibayotiki hawa wakapewa vidonge vinavyofanana visivyo na dawa na hakuna aliyejua kapewa kipi, mafua yao yakaisha kwa mwendo mmoja. Tofauti iliyoonekana ni kwamba kwa watu wazima waliokunywa antibayotiki ndio waliokuwa na madhara zaidi, kuharisha, kichefuchefu, vipele.

Tena una nafasi nzuri sasa hivi. Leo alhamisi ni siku yako ya nne. Usinunue kitu, panado tu kama kichwa kinauma, halafu njoo utuambie jumamosi na jumapili ukoje.

Mfugaji Machame
Samahani wakuu mimi naomba kutofautiana. Kuku wangu walipata mafua mwezi wa tano, macho yamevimba, makamasi yananuka, wanakoroma usiku, nikawatilia oksitetrasaiklini kwenye maji siku tano wakapona karibu wote. Hiyo ni antibayotiki. Kama inatibu mafua ya kuku iweje ishindwe ya mtu? Jibuni na hili.

Afisa Ugani Usa River
Mzee wangu shikamoo, hili ni la kwangu. Ulichofanya kilikuwa sawa kwa sababu yale mafua ya kuku, ya uso kuvimba na kamasi inayonuka, yanaletwa na bakteria. Jina ni mafua lakini mdudu ni mwingine kabisa na yale ya huyu kijana wa Sakina. Ndio maana oksitetrasaiklini ikasaidia, ingawa wale waliopona wanaweza kubaki na yule bakteria na wakawaambukiza wageni utakaowaleta, hivyo usiwachanganye haraka.

Nikupe mfano mwingine humo humo bandani. Kideri, wengine wanaita mdondo, nao unaanza na kukoroma na kamasi, halafu kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, wanakufa banda zima. Kile ni kirusi. Nimeona wafugaji wanamaliza hela kwenye oksitetrasaiklini na kuku wanaisha wote. Pale dawa hakuna, kuna chanjo tu, ile ya tone moja jichoni, unaiweka kabla ugonjwa haujafika na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo hata kwa kuku, jina la ugonjwa halikuambii ni mdudu gani.

Mfugaji Machame
Marahaba. Hapo nimekusoma mwanangu. Hiyo chanjo ya tone nitaitafuta, maana mwaka juzi walikufa wote na dawa niliwapa.

Mama Wawili Njiro
Maabara usinisahau. Mtoto leo jioni amechemka na naona kama anahema haraka, sijui ni homa tu au ni nini. Analala vizuri ila uji hataki.

Nesi Mstaafu Pasua
Mama, nikuingilie hapa kwa sababu haya nimeyafanya miaka mingi wodi ya watoto. Achana na rangi ya kamasi, achana na dawa ya dada yake. Hesabu pumzi. Subiri atulie au awe amelala, mfunue nguo uone kifua na tumbo, chukua simu weka dakika moja kamili, na kila kifua kikipanda hesabu moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, na usihesabu akilia. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi kwa dakika, ni kuhema haraka, anapelekwa hospitali. Wa miezi miwili mpaka kumi na miwili ni 50. Chini ya miezi miwili ni 60. Halafu angalia chini ya mbavu, kama anavuta pumzi na pale panaingia ndani, hiyo usingoje kabisa, ondoka usiku huu huu. Vile vile akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea haamki vizuri.

Mama Wawili Njiro
Nimehesabu mara mbili amelala, 46 na 47. Mbavu haziingii. Natoka sasa hivi na baba yake.

Nesi Mstaafu Pasua
Nenda mama. Ukirudi tuambie.

Muuza Dawa Kwa Mromboo
Wakati tunamsubiri mama, mimi nina duka la dawa muhimu na naomba mtusikilize na sisi. Mteja anaingia na mafua siku ya tatu, anataka vidonge vya rangi mbili, nikimwambia hivi havitakusaidia kunywa vimiminika upumzike anaona namfanyia makusudi. Anavuka barabara anapewa duka la pili. Na wengi hawana hela ya dozi nzima, anaomba kumi tu. Mimi nimeshaacha kuuza hivyo ila sitadanganya kwamba ni rahisi, kodi ya fremu inasubiri. Msiwalaumu wauzaji tu.

Dereva wa Mbauda
Bosi nakuelewa ila na mimi nikuulize, kama haisaidii, ina ubaya gani mtu akinywa? Si itapita tu kwenye mkojo. Hela ni yake.

Maabara Moshi
Haipiti tu ndugu yangu. Kirusi haikioni lakini tumboni kwako, puani, kooni, kuna bakteria wengi sana wasio na kosa, hao inawakuta. Wale dhaifu wanakufa, wanaobaki ni wale ambao kwa bahati wanaweza kuivumilia dawa, na sasa wana nafasi ya kuzaliana.

Nakuonyesha ninavyoliona. Mama mmoja analetwa na maumivu ya mkojo. Naotesha mkojo, anaota bakteria anaitwa ekoli, ambaye makazi yake ni utumboni. Nampaka kwenye sahani nyingine, juu yake naweka vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kina dawa yake. Kesho yake dawa inayofanya kazi inaacha duara safi kuzunguka karatasi, napima kwa rula kwa milimita. Isiyofanya kazi, bakteria wameota mpaka wameigusa karatasi yenyewe. Karatasi ya ampisilini, ambayo ni ndugu wa karibu wa amoksilini, nimeshazoea kuikuta imezungukwa hivyo. Huwezi kusema ni mafua ya nani yalimfikisha bakteria yule pale, anaweza kumpata hata mtu ambaye hajanywa dawa. Ndio maana hela ni yake lakini bakteria sio wake peke yake.

Muuza dawa, hoja yako naiheshimu na sina jibu lake. Mimi ningependa zisitoke bila cheti, lakini najua kuna sehemu za milimani huko ambako duka ndio hospitali pekee iliyo karibu, ukifunga kabisa mtoto kama wa Mama Wawili atachelewa.

Mjukuu wa Kijenge
Mimi nasema zifungwe tu. Watu watajifunza.

Nesi Mstaafu Pasua
Mwanangu, unasema hivyo kwa sababu uko Kijenge, hospitali iko pale. Mtoto wa nimonia kule juu hawezi kusubiri watu wajifunze.

Mama Wawili Njiro
Tumerudi wakuu, asanteni sana. Wamehesabu wao wakapata 48, wamempima oksijeni kidoleni wakasema iko vizuri, wamesema nimonia ila hajafikia kulazwa. Wamempa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni siku tano, na kesho kutwa nimrudishe waangalie. Sasa mnichanganyie tena, mlisema mafua ni virusi, kwanini yeye kapewa?

Nesi Mstaafu Pasua
Mungu ni mwema. Mafua yalianza na virusi, na mara nyingine kirusi kikishaharibu njia ya hewa bakteria anateremka mpaka kwenye mapafu. Na nikwambie ukweli mama, hata nimonia kwa mtoto nyingi tu ni za virusi, ila kwa kumtazama na kumsikiliza kifua huwezi kutenganisha, na ile ya bakteria inaua haraka. Kwa hiyo mtoto akishahema hivyo anatibiwa kama bakteria, hatusubiri. Kwenye mafua ya kawaida hatari hiyo haipo ndio maana tunasubiri. Mpe siku tano zote, hata akichangamka siku ya pili. Asali ya kikohozi kwa umri wake ni sawa kijiko kidogo, ila kwa mtoto wa chini ya mwaka asali ni marufuku.

Chalii wa Sakina
Dada Njiro Mungu amponye. Wakuu ni jumapili, naripoti. Jana nimeamka pua moja imefunguka, leo nimekula vizuri na nimelala usiku, kamasi bado zipo ila nyepesi na kijani kimepungua. Sijanywa chochote zaidi ya panado mbili za alhamisi. Kikohozi ndio kimeanza kidogo. Sasa naomba kujua, itafika lini niseme hapa sio virusi tena nirudi kwa daktari?

Maabara Moshi
Safi. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, zikipita siku kumi tangu lile koo la jumatatu na bado uko vile vile bila nafuu yoyote, rudi. La pili ndio muhimu zaidi, ukipata nafuu kama hivi halafu siku ya sita saba ugeuke, homa ije upya, maumivu upande mmoja wa uso chini ya jicho au kwenye meno ya juu, rudi, hapo bakteria anaweza kuwa ameingia kwenye vyumba vya hewa vya uso. Kikohozi peke yake wala kisikutishe, kipe wiki mbili. Lakini ukikohoa damu, kifua kikibana, au ukianza kupungua uzito na kutoka jasho usiku, usingoje hizo wiki mbili, nenda na waombe wapime makohozi ya TB. Sampuli ya asubuhi ndio nzuri.

Chalii wa Sakina
Nimeandika yote. Na ile strip ya amoksilini ya mwaka jana iliyobaki nusu kabatini?

Muuza Dawa Kwa Mromboo
Usimpe mtu na usiitupe chooni. Ulizia duka la dawa au hospitali iliyo karibu nawe kama wanapokea, wengine tunazikusanya zikateketezwe na zile zilizoisha muda.